Grili ya dirisha: hesabu ilisema paipu 3, nimepungukiwa fito 2

MamaDirisha: Wakuu, naombeni ushauri. Fremu yangu ni ya skwea paipu ya milimita 25, kwa nje ina upana 1800 na kimo 1300. Ndani nasimamisha fito za skwea paipu ya 20, uwazi usizidi 100. Zimetoka fito 14 za 1250, uwazi 98. Jumla mita 17.5, paipu moja mita 6, nikanunua 3. Nimekata zote, nina fito 12 na vipande vitatu vya 988. Nimekosea wapi?

Bawaba_Ngumu: Dada, kagua bawaba kwanza. Geti langu lilikwaruza sakafu mpaka nikaongeza bawaba ya tatu katikati.

Kanda_Mita: Anazungumzia dirisha, mkuu. Hukuweka upotevu. Mimi huongeza asilimia 10: 17.5 inakuwa 19.25, gawa kwa 6 ni 3.2, unanunua 4.

FundiDiski: Paipu 4 ni sawa, ila hapo asilimia imebahatisha. Chukua madirisha matatu kama hilo: fito 42, mita 52.5, na asilimia 10 juu yake ni 57.75. Utanunua paipu 10, na paipu 10 zinatoa fito 40 tu.

Dada, usigawe jumla ya mita. Jiulize paipu moja inatoa fito ngapi nzima. 1250 mara nne ni 5000, diski inakula kama 3 kila mkato, zinabaki 988. Ufito wa tano hautoki hapo. Kwa hiyo 14 gawa kwa 4, unapata tatu na nusu, nunua 4. Na kabla ya kukata, ipime paipu yenyewe, maana nyingine hazifiki mita 6.

MamaDirisha: Ahsante sana, nimeelewa. Nikizipanga hizi 12 tu je?

FundiDiski: Ndani una 1750. Toa 240 ya unene wa fito, gawa kwa 13: uwazi unakuwa 116. Kama kuna watoto wadogo, sikushauri. Uliweka 100 kwa sababu.

Kanda_Mita: Si aunge tu? 988 na 262, vipande vitatu vinatoa fito mbili kamili.

FundiDiski: Vinatosha kwa urefu, lakini paipu nyembamba hutoboka ukiichomelea ncha kwa ncha, na mwizi akiweka mtaimbo hapo ndipo pa kwanza kuachia. Angalau ingiza kipande cha skwea paipu ya 16 ndani ya kiungo. Mimi ningenunua ya nne.

Mchomeleaji2: Mimi niliunga mbili hivyo hivyo, nikaziweka pembeni kabisa karibu na ukuta na kusaga mshono. Hazijaachia mpaka leo. Ila lile ni dirisha la stoo.