Kisima cha Mlandizi: ringi ngapi?

Mama Zuhura: Assalaam alaykum ndugu zangu. Nataka kuchimba kisima kwenye kile kiwanja cha Mlandizi. Fundi wa ringi za zege ananiuliza anitengenezee ngapi, sina jibu. Ninachotaka ni kuvuta lita 1,500 kila asubuhi kwa mara moja, nijaze tangi la ng'ombe na bustani. Kaka Salehe upo?

Kassim: Shikamoo mama mdogo. Hiyo hesabu naiweza. Ringi zake zina upana gani?

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Kasema mita 1 na sentimita 20, na kwenda juu ni nusu mita.

Kassim: Basi nusu ya upana ni 0.6. Hivi:
3.14 × 0.6 × 0.6 × 0.5 = 0.565
Hizo ni mita za ujazo, yaani lita 565 kwa ringi moja. 1,500 gawanya kwa 565 unapata 2.65. Ringi 3 zinatosha mama.

Shangazi Mwajuma: Ringi 3 tu? Mimi kisima changu kina ringi 18. Kwa hesabu hiyo nina lita elfu 10! Mbona nikichota ndoo 30 naanza kuvuta tope?

Mjomba Salehe: Waalaykum salaam. Nilikuwa msikitini. Mwajuma, kisima si tangi, hakijai mpaka mdomoni. Ringi zako nyingi ziko juu ya maji, kazi yake kuzuia udongo usikuangukie. Zinazohesabiwa ni zile zilizozama. Ndoo 30 za lita 20 ni lita 600, kwa hiyo wewe una ringi moja au mbili tu za maji.

Shangazi Mwajuma: Kumbe. Na fundi wangu alinihesabia zote 18 😔

Mjomba Salehe: Kassim, kanuni yako sahihi ila kipimo sicho. Hiyo mita 1.20 ni nje kwa nje. Ukuta wa zege una sentimita 10 kila upande, na maji hayakai ndani ya zege. Dada, kesho nenda na futi ukapime ndani kwa ndani.

Kassim: Kweli mjomba. Ndani ni mita 1, nusu yake 0.5:
3.14 × 0.5 × 0.5 × 0.5 = 0.39
Lita 390. Basi ringi 4 za maji.

Mjomba Salehe: Nne za kuchota, na ya tano ya chini kabisa usiihesabu. Humo unaweka kokoto sentimita 30 kuzuia mchanga usipande, na maji yanayobaki juu yake pampu haiyamalizi bila kuvuta uchafu. Kwa hiyo ringi 5 ndani ya maji, mita 2 na nusu. Sasa swali kubwa: maji yanaanza mita ngapi hapo?

Mama Zuhura: Baba Neema tumepakana uzio, yeye anacho.

Baba Neema: Habari za jioni majirani. Mimi nilichimba Mei baada ya masika. Maji tuliyakuta mita 6, tukaongeza mita 2, yakajaa vizuri tukafurahi. Ilipofika Oktoba chini panatoka jasho tu, ndoo inagonga kokoto.

Mjomba Salehe: Pole sana. Lakini umetupa kipimo cha maana: kiangazi maji hapo yanashuka mpaka mita 8. Dada, hesabu yako ianzie 8, si 6. Mita 8 jumlisha 2.5 ni 10.5. Gawanya kwa nusu mita, ringi 21. Ongeza moja ya juu ya ardhi, maji ya mvua yasiingie na mtoto asitumbukie. Jumla 22.

Mama Zuhura: Ringi 22! Kuna mwingine anauza bei ndogo, zake nimepima mwenyewe ndani, sentimita 80. Nichukue hizo?

Kassim: 3.14 × 0.4 × 0.4 × 0.5 = 0.25
Lita 250. Zitatakiwa 6 za kuchota na 1 ya chini.

Mjomba Salehe: Safi. Hapo unakwenda mita 11 na nusu, ringi 24 na ile ya juu. Na mita hiyo unayoongeza siyo ya udongo mkavu, ni ya ndani ya maji, ambako vijana wanachimba kiunoni huku maji yanatolewa. Hapo ndipo pesa inapokwenda. Tena ndani ya sentimita 80 mtu hawezi hata kuzungusha sururu. Hizo za 80 zina kazi nyingine, nitakuja.

Baba Neema: Mjomba, na mimi nifanyeje? Ringi zangu nazo ni za mita 1 ndani. Nimejaribu kuchimba chini yake zishuke, zimegoma.

Mjomba Salehe: Udongo umeshazibana, usilazimishe. Ukichimba chini yake zikining'inia zinaweza kuporomoka zikiwa na mtu ndani. Kazi ya ringi za 80 ndiyo hiyo: zina unene wa sentimita 7, nje 94, zinapita ndani ya zako. Unazishusha moja moja, mchimbaji anakaa ndani anachimba chini ya ukingo, ringi inashuka kwa uzito wake, unaongeza nyingine juu. Kila moja itakupa lita 250. Pima na timazi kila inaposhuka. Ikilala upande mmoja, chimba kwanza upande uliobaki juu.

Shangazi Mwajuma: Na maji wanatoaje wakati wanachimba? Kwetu walishusha jenereta ya petroli.

Mjomba Salehe: HAPANA jamani. Moshi wa injini unakaa chini haupandi, unaua mtu kimya kimya. Injini yoyote ibaki juu, mbali na mdomo wa kisima, ishuke pampu ya umeme tu. Wanapoingia watu pampu itolewe au umeme ukatwe, watoe kwa ndoo.

Mama Zuhura: Nimeelewa. Kwa hiyo ringi 22 na lita 1,500 zangu nina uhakika nazo?

Mjomba Salehe: Za asubuhi ya kwanza unazo. Za kila siku inategemea maji yanarudi kwa kasi gani. Kisima kikishatulia, vuta maji yote, kisha shusha kamba yenye jiwe kila saa uone yamepanda kiasi gani. Sentimita 30 kwa saa ni kama lita 235. Kwa kasi hiyo kama saa 6 na nusu yamerudi, huna wasiwasi. Yakipanda sentimita 5, kutwa na usiku hufikishi 1,500.

Kassim: Sentimita 5 ni lita 39. Mara saa 24 ni 940 hivi. Kweli hazifiki.

Baba Neema: Mjomba mimi naona mita 2 na nusu ndani ya maji hapo hamtazipata. Kwangu chini ya mita 8 ni mchanga mlaini. Ukitoa ndoo moja, inarudi ndoo moja.

Mjomba Salehe: Hilo linanitia mashaka hata mimi. Mchanga ukianza kuchemka kutoka chini wachimbaji hawafiki popote, na udongo nje ya ringi unaanza kutitia. Wakati mwingine unaishia ringi 3. Huwezi kujua kabla ya kufika.

Mama Zuhura: Sasa niagize ngapi?

Mjomba Salehe: Agiza 18 kwanza, nne za chini ziwe na matundu maji yapite. Muombe fundi akubakizie 4 na akutafutie chache za 80. Na uchimbaji uanze mwishoni mwa Septemba, si sasa.

Mama Zuhura: Inshallah. Kesho naenda na futi.