Bima kwa awamu: wanakutoza zaidi, halafu awamu moja ikikwama wanakuruka

Wakuu, nimechoka na hawa watu. Nina bima kubwa ya gari. Tuseme kwa mkupuo ilikuwa 1,200, kwa awamu 110 kila mwezi, mara 12. Wakala akasema nyongeza ni "asilimia kumi tu".

Awamu ya saba ilitakiwa kukatwa benki tarehe 1. Hela ilikuwemo, mfumo wao ukagoma. Tarehe 16 nikapata ajali. Tarehe 18 wakapokea awamu hiyohiyo na risiti wakatoa, kimya. Leo wanadai bima ilikatika tarehe 15 na imefufuka tarehe 18, kwa hiyo ajali haiwahusu! Eti notisi walituma kwa barua pepe. Sijaiona.

Chuma Chakavu: Tulia mkuu, watalipa. Bima zote zina siku 30 za nyongeza. Mimi ya maisha nilichelewa wiki tatu, hakuna aliyeniuliza.

Kalamu Nyekundu: Hiyo ni ya maisha, Chuma. Ya gari inafuata mkataba na sheria ya mahali ulipo, na siku zinaweza kuwa chache sana. Tena kulipa deni baada ya bima kufutwa kwa kawaida hakurudi nyuma kufunika ajali iliyokwisha kutokea.

Na hiyo "asilimia kumi tu" ni danganya toto. Siku ya kwanza ulitoa 110, kwa hiyo walikukopesha 1,090, na deni linapungua kila mwezi. Unalipa 120 juu ya mkopo ambao kwa wastani ni kama nusu ya hapo. Kwa mwaka ni riba ya zaidi ya asilimia 20.

Sasa mleta uzi, acha kugombana nao simuni. Omba kwa maandishi nakala ya notisi: ilitumwa lini, kwa anwani ipi, ilikupa siku ngapi. Linganisha na kifungu cha kufuta bima kwenye mkataba wako. Halafu benki wakupe taarifa kama ombi la kukata hela tarehe 1 liliwafikia kabisa. Kama halikufika, aliyekwamisha malipo si wewe. Je, uliripoti ajali kabla ya wao kupokea ile hela?

Mama Wawili: Wezi wote! Mimi nalipa bima ya afya mwaka mzima kwa mkupuo na bado wamenikatalia miwani.

Chuma Chakavu: Pole mama, ila hapa tunaongelea gari 😂

Mleta uzi: @Kalamu niliripoti tarehe 17, namba ya madai ninayo.

Kalamu Nyekundu: Hapo una hoja. Walijua kuna ajali na bado wakachukua hela. Itasimama au haitasimama, inategemea sheria ya kwenu na maneno ya ile risiti. Na wakikubali kulipa gari zima, usishangae wakikata awamu zote zilizobaki kwenye fidia.

Mleta uzi: Notisi nimeomba. Jibu lao: "mfumo unaonyesha ilitumwa". Mfumo upi, huohuo uliogoma tarehe 1?