Siku ya nne: sanduku la pamoja halionekani kwenye Outlook, na fundi anasema "haki mnazo"!

Himbi, Goma
Anwani ya manunuzi ya biro tunaitumia watu watatu. Mmoja anaiona upande wa kushoto, chini ya sanduku lake. Sisi wawili, hakuna kitu! Mtu wa informatike anaapa kwamba ametupa haki kupitia kundi. Tumezima, tumewasha, tumeunda profili upya. Wateja wanaandika, barua zinalala humo. Haki gani hii isiyoonekana?

Fundi wa Kadutu, Bukavu
Haki huchelewa kufika, ngojeni hata saa moja. Ikishindikana, ongeza ile anwani kama akaunti mpya, uweke neno lake la siri.

Yaya Katuba, Lubumbashi
Kuchelewa ni kweli, ndugu, lakini siku nne si saa moja. Neno la siri liacheni: sanduku la pamoja unaliingia kwa akaunti yako mwenyewe.

Himbi, kosa umelitaja mwenyewe: "kundi". Outlook hulileta sanduku bila kuombwa pale tu haki ya kulifungua, Full Access, imeandikwa kwa jina la mtu. Ikipitia kundi, haki inafanya kazi ila hakuna kinachojitokeza. Mwenzenu anayeliona, nadhani aliandikwa kwa jina.

Pima kwanza: fungua Outlook ya kwenye brauza, bofya picha yako juu kulia, chagua Open another mailbox, andika anwani. Likifunguka, haki unayo na shida ni ya kuonekana tu. Likikataa, rudi kwa fundi.

Kuliongeza kwa mkono kwenye Outlook ya zamani: File, Account Settings, tena Account Settings. Bofya akaunti yako mara mbili, kisha More Settings, Advanced, Add. Andika anwani nzima, si jina peke yake. Funga Outlook, uifungue tena. (Mashine yangu ni ya Kiingereza, kwenye ya Kifaransa vifungo viko pahali palepale.) Outlook mpya haina hiyo More Settings: bofya kulia jina la akaunti, uchague Add shared folder or mailbox.

Fundi akitaka lijilete lenyewe, amwandike kila mtu:

```
Add-MailboxPermission -Identity manunuzi@example.com -User himbi@example.com -AccessRights FullAccess -AutoMapping $true
```

Mama Ibanda, Bukavu
Mimi naliona vizuri, lakini nikijibu kwa anwani ya pamoja, nakala inabaki kwenye Sent Items zangu. Wenzangu wanajibu mteja yuleyule mara ya pili!

Yaya Katuba
Mama, hilo ni jambo lingine. Fundi awashe hii:

```
Set-Mailbox manunuzi@example.com -MessageCopyForSentAsEnabled $true
```

Himbi
Kwenye brauza limefunguka. Kwa mkono limekuja kwangu, barua 61 hazijasomwa! Mwenzangu ana Outlook mpya, amebofya kulia mara kumi, maneno hayo haoni.

Yaya Katuba
Anabofya jina la akaunti, au Inbox?