Naombeni ushauri: sola au ufundi wa friji na viyoyozi, hapa Malindi?

Kijana wa Shella
Assalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nina miaka 24, nina cheti cha umeme cha NITA daraja la tatu. Nafanya vibarua vya matengenezo hotelini, na msimu ukiisha tunasimamishwa. Nataka ujuzi mmoja niushike. Sola inakua kwa kasi, kila nyumba mpya ina paneli juu. Friji na viyoyozi ni kazi ya zamani, haiendi mbio lakini haifi. Nitajuaje ipi itanilisha miaka mitano ijayo? Usiku silali kwa mawazo.

Mtoto wa Ganda
Sola, ndugu yangu, usijiulize mara mbili. Nenda Langobaya ukaone, megawati 52, inafanya kazi tangu mwisho wa 2021. Wenye mabilioni hawatupi pesa zao ovyo.

FundiBaridi
Langobaya ni mfano mzuri, lakini unaonyesha kinyume chake. Shamba la paneli hutaka mamia ya watu linapojengwa. Likishawaka wanabaki walinzi, waosha paneli, wakata nyasi na mafundi wachache. Pesa za mwekezaji zinakua kwa umeme unaouzwa, si kwa idadi ya mafundi. Ukitaka kupima kazi, usihesabu mitambo. Hesabu ni mara ngapi mwenye mtambo atamwita fundi baada ya kuununua.

Mzee wa Langoni
Wanangu, huku Amu tuliahidiwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe pale Kwasasi, megawati 1,050. Mwaka 2019 jopo la mazingira likaifuta leseni yake. Kijana aliyejifunza kazi kwa ajili ya mradi ule angali anangoja. Kazi ni ile ambayo mtu ameshatoa pesa mfukoni kuilipia. Na vijana mpunguze pupa.

Binti Ngomeni
Samahani naingilia, maana naona mafundi wako hapa. Friza yangu ya samaki ikitaka kuwaka, inveta inalia kisha inazima. Friza imeandikwa wati 200, inveta wati 1,000, betri ya volti 12. Nimeuziwa bovu?

FundiBaridi
Dada, huenda si bovu. Kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya zile wati zilizoandikwa, kwa muda mfupi sana. Tafuta mita, pima volti pale waya zinapoingia kwenye inveta wakati friza inajaribu kuwaka. Zikianguka chini ya 11, tatizo ni betri au waya. Zikibaki palepale na bado inazima, basi inveta ndiyo haiwezi mshtuko huo.
Kijana wa Shella, nikuulize wewe sasa. Mtu hakosi usingizi kwa jambo ambalo hajaligusa. Umeshalipa wapi?

Kijana wa Shella
Nimelipa shilingi 35,000, nusu ya karo ya kozi ya sola. Wiki tatu, na wameniahidi leseni mwishoni. Sikuona haja ya kulisema kwa sababu si hilo nililouliza. Na sioni kosa, wanafunzi wenzangu ni wengi, kila mwezi wanaingia wapya. Hiyo si dalili kwamba soko lipo?

FundiBaridi
Hiyo ni dalili kwamba soko la kozi lipo. Leseni ya kufunga sola hutolewa na EPRA, si chuo. Chuo kinaweza kukupa mafunzo na cheti cha kuombea, basi. Aliyekuahidi leseni kwa wiki tatu amekuahidi kitu kisicho chake.

Lakini acha hilo la leseni, kuna kubwa zaidi. Mlango ambao wewe umeingia kwa wiki tatu, wenzako nao wanaingia kwa wiki tatu. Paneli zinazidi kuwa rahisi, wanunuzi wanazidi, na bado malipo ya mfungaji yanaweza kushuka kwa sababu mafundi wameongezeka kuliko wanunuzi. Kwa hiyo usiulize duka mtambo mzima unauzwa bei gani. Uliza fundi anabaki na shilingi ngapi kwa kufunga mtambo wa ukubwa uleule, leo na miaka miwili iliyopita. Nambari hiyo haidanganyi.

Tena kuna jambo la betri. Zile za asidi zilichoka baada ya miaka michache, na mteja akamwita fundi tena. Za lithiamu, zikifungwa vizuri, hufika hata miaka kumi. Ni heri kwa mteja, ila ziara zako zimepungua.

Kiyoyozi cha hapa pwani hakikuachi hivyo. Chumvi hula mapezi ya ile mashine ya nje, na nyumba zilizo karibu na bahari hutaka usafi kila baada ya miezi mitatu hivi. Kinachozuia watu wengi kuingia kazi hii ni vifaa: pampu ya kuvuta hewa, geji, kifaa cha kupanua mdomo wa bomba, mtungi wa kuchomelea. Geji za gesi ya zamani ya R22 huwezi kuzitumia kwenye gesi ya R410A, shinikizo lake ni kubwa zaidi kwa zaidi ya nusu. Asiye na pampu hujaza gesi juu ya hewa na unyevu, kiyoyozi kinapoza wiki chache, kisha kompresa inakufa. Mwenye hoteli akishapoteza kompresa moja hivyo, hamrudii fundi wa bei ya chini.

Mtoto wa Ganda
Unaipendelea kazi yako. Mashamba ya huku ndani yanataka pampu za sola visimani, na kanuni za 2024 zinaruhusu mtu kuingiza umeme wake kwenye gridi. Hayo huyasemi.

FundiBaridi
Hilo la pampu ni kweli, na sikatai. Pampu ya kisima inataka mtu ajue kina, kiasi cha maji kwa siku na urefu wa bomba, hapo wa wiki tatu hawezi. Ukiingia sola, ingia huko. La gridi, leseni yake ni ya ngazi ya juu.

Wa Mambrui
Mimi naona huu uzi ni tangazo. Mwanzo kibarua asiye na msimu, mara ana 35,000 mkononi. Kesho atatutajia jina la chuo na nambari ya kulipia.

Mzee wa Langoni
Nami nilianza kushuku. Mwanangu, pesa zimetoka wapi?

Kijana wa Shella
Chuo sikitaji na sitakitaja. Pesa ni mkopo wa sako, baba ndiye mdhamini, ndiyo maana sikulala. Leo nimepita maduka matatu mjini nikauliza kama nilivyoelekezwa. Mawili yamesema kufunga mtambo wa nyumba ya vyumba vitatu kulikuwa 15,000, sasa fundi anapewa 8,000, na wapo wanne wanaosubiri simu. La tatu limekataa kusema. Usafi wa kiyoyozi hotelini kwetu ulikuwa 2,000, sasa 2,500, lakini Mei na Juni hakuna anayeita. Nusu ya karo nyingine inatakiwa Jumatatu. Nikiacha, ile 35,000 imekwenda.

FundiBaridi
Imekwenda ukiendelea na ukiacha pia, kwa hiyo usiihesabu. Hesabu 35,000 ya pili peke yake. Kabla ya Jumatatu waulize kwa maandishi: cheti chao kinakubaliwa na EPRA kuombea ngazi gani, na mwanafunzi atafunga mitambo mingapi kwa mkono wake. Wasipojibu, pesa hiyo ni nusu ya njia kuelekea pampu na geji.

Wa Mambrui
Bado sijaridhika, ila swali hilo la maandishi ni zuri.

Binti Ngomeni
Nimepima. Friza ikiwa imelala ni 12.5, ikitaka kuwaka inashuka 10.3. Waya ni mwembamba kama wa taa.

FundiBaridi
Anza na waya, dada. Weka wa milimita mraba 25, mfupi iwezekanavyo, kaza vichwa vyake, kisha pima tena kabla hujanunua betri.