Naomba ushauri: mkono wa monita kwenye ukuta wa bloku za matundu

Wakuu, shikamooni. Nipo Nyegezi, Mwanza, na nataka kufunga monita ya inchi 27 ukutani.

Matundu ya nyuma nimeyapima katikati hadi katikati: milimita 100 kwa 100, yaani VESA 100x100, na skrubu zake ni M4. Hapo sina shida. Monita bila stendi yake ina kilo 6, na mkono umeandikwa kilo 2 hadi 9.

Hofu yangu ni ukuta. Chumba nilichopanga kimejengwa kwa bloku zenye matundu ndani. Nilipotoboa, drili ilizama ghafla baada ya sentimita 3 hivi. Mkono ukinyooshwa unafika sentimita 50, na skrubu za breketi zimepishana sentimita 10 tu, juu na chini. Kwa hesabu yangu, ya juu itavutwa kwa nguvu ya kama kilo 30, bado uzito wa mkono wenyewe. Fisha ya kawaida ya plastiki naona itachomoka.

Nitumie fisha za kufunguka ndani ya tundu, au nitafute nguzo ya zege? Aliyewahi kufunga kwenye bloku kama hizi anisaidie, tafadhali.