Muhtasari wa zabuni ya mashine ya barafu umefika kurasa tatu, wao wanataka mmoja

Kijana wa Igombe
Wakuu, salaam. Tunaomba zabuni ya shirika moja, kuleta na kufunga mashine ya barafu kwenye mwalo huku Ilemela. Wanataka tani 2 za barafu kwa siku, ghala la kuitunzia, kazi iishe ndani ya wiki 10 na dhamana ya mwaka 1 tangu makabidhiano. Muhtasari wangu unaanza: "Kampuni yetu ni kinara wa majokofu Kanda ya Ziwa, yenye wafanyakazi wenye weledi…" Nikate wapi?

Bei Chee
Weka bei juu kabisa, wino mzito. Wa bei ya chini ndiye anayechukua, mengine mapambo.

Mama Kirumba
Bei Chee, utamponza mwenzio. Kama bahasha ya ufundi na ya fedha zinatenganishwa, bei ikionekana kwenye ya ufundi anaweza kutolewa hapo hapo. Asome maelekezo kwa wazabuni kwanza.

Kijana, nimekaa kwenye kamati za tathmini. Msomaji wako ana karatasi ya vigezo mkononi na rundo la zabuni mezani. Hilo la kinara halina pa kuliwekea alama, futa. Anza na samaki wao:

"Mwalo unapokea takriban tani 2 za samaki kwa siku. Kwa joto letu, kilo ya samaki huhitaji karibu kilo ya barafu. Mashine yetu inatoa tani 2 kwa siku, na ghala la tani 4 linabeba akiba ya siku mbili umeme ukikatika."

Hizo tani za samaki zitoe kwenye nyaraka zao, usibuni. Chini yake weka jedwali dogo: sharti, jibu, ukurasa. Mfano:

Wiki 10 | Wiki 9. Mashine inafika Mwanza wiki ya 6 | uk. 14

Ukiandika "tunakidhi" tu, mtathmini hana cha kushika. Na uk. 14 nao useme wiki 9. Ukisema 11, jedwali lenyewe ndilo litakuumbua.

Mpambanaji Sengerema
Mimi nilitolewa kwa leseni ya biashara iliyoisha muda. Naruhusiwa kukata rufaa?

Bei Chee
Fungua uzi wako, ndugu.

Kijana wa Igombe
Asante sana mama. Kuna kitu kinanikwaza: dhamana ya mtengenezaji inaanza siku mzigo unapopakiwa melini. Hadi makabidhiano, wiki kadhaa zimeshaliwa.

Mama Kirumba
Basi usiandike "mwaka 1" ukanyamaza. Andika kwamba kipindi kinachopungua mtakibeba ninyi, na vipuri gani mtaweka Mwanza. Kama hamwezi kukibeba, waulizeni kabla ya tarehe ya mwisho ya ufafanuzi.

Bei Chee
Akiuliza, jibu linatumwa kwa wazabuni wote. Atakuwa amewaamsha wenzake.

Mama Kirumba
Hilo kweli. Inategemea wangapi wanaagiza kwa mtengenezaji huyo huyo.

Kijana wa Igombe
Nawajua wawili. Ngoja nipige hesabu ya vipuri kwanza.