Tupeane uzoefu: mgeni kaumia chumbani, ripoti ya menejimenti na bima uliandikaje?

Mlinzi wa Funguo
Wakuu, jana kijana wangu mpya wa zamu ya usiku kaniuliza, "Bosi, mgeni akiumia chumbani naandika nini?" Swali limenirudisha chumba 214, hoteli moja pwani ya mashariki ya Unguja, nikiwa meneja wa zamu.

Mgeni, mama wa makamo, alivuta mlango wa kioo wa bafu, kioo chote kikamwagika. Nilimkuta kakaa ukingoni mwa kitanda, taulo limelowa damu, kachanika juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Tulimfunga jeraha, tukamkimbiza kliniki, akashonwa. Mpaka hapo sijilaumu. Kosa langu ni karatasi. Nilirudi saa saba usiku nimechoka, nikaandika hivi:

"Mgeni ameumia saa 4:20 kwa uzembe wa fundi. Mlango ulikuwa mbovu. Tumemwahidi mgeni kuwa hoteli italipa gharama zote. Bafu limeshasafishwa."

Maneno hayo machache yalinitesa miezi minane. Nyie wenzangu yaliwapata yapi?

Bi Mdogo wa Mapokezi
214 yako ndiyo 108 yangu. Mimi lilikuwa beseni la kunawia, lilimdondokea mgeni mguuni.

Kaka Nungwi
Tueleze ilikuwaje. Mbona ripoti yenyewe inaonekana ya kweli tu?

Mlinzi wa Funguo
Kaka, nianze na saa. Mimi niliandika saa 4:20 nikimaanisha usiku, kwa saa zetu. Ofisi ya Dar ikatafsiri kwa ajili ya bima, ikaweka 4:20 alfajiri. Risiti ya kliniki inasema 23:05. Yaani kwenye faili mgeni alishonwa kabla hajaumia! Rekodi ya kadi ya mlango ikaonyesha kaingia chumbani 22:14. Mkadiria hasara alivyoona nyakati tatu zinazopishana akaanza kutuhoji mmoja mmoja kama watu tuliopanga hadithi.

Kisha hilo la uzembe wa fundi. Mimi sikuliona, nililisikia kwa mlinzi. Daftari la matengenezo lilipofunguliwa, fundi alikuwa kaomba bawaba mpya siku tisa kabla, na ombi lilikaa kwenye meza ya manunuzi. Nilimchafulia mtu jina kwa maandishi, na ripoti ilishatoka nje ya hoteli.

Mtu wa Makunduchi
Ndiyo maana mimi nawaambia vijana, andika kidogo. "Mgeni amepata jeraha, amepelekwa kliniki." Basi. Habari za bawaba na maombi usiziguse kabisa, unawapa bima sababu ya kukataa kulipa.

Mzee wa Klemu
Ndugu yangu, hapo nusu uko sawa na nusu unawapoteza watoto wa watu. Nimekaa kwenye meza ya madai miaka mingi. Ni kweli usiandike chanzo usichokijua, wala usikiri kosa. Lakini daftari la matengenezo ni kitu kipo, tutaliomba, na tutaliona. Bima ya dhima ipo kwa ajili ya siku ambayo hoteli imekosea. Bawaba kuchelewa peke yake mara nyingi haiui madai. Kinachoyaua ni sisi kugundua kuwa mlijua mkaficha. Ambatisha nakala ya ukurasa ule, usiutolee maelezo.

Mtu wa Makunduchi
Mzee, wewe ulikuwa upande wa bima, lazima useme hivyo. Mimi hoteli yangu ilikataliwa kwa sababu meneja aliandika kila kitu.

Mzee wa Klemu
Alitoa taarifa baada ya siku ngapi?

Mtu wa Makunduchi
Kama wiki sita. Tulisubiri tuone mgeni atadai au la.

Mzee wa Klemu
Basi kabla hujailaumu ripoti, soma barua waliyowaandikia. Mikataba mingi inataka taarifa mapema, hata kabla mgeni hajadai senti. Wiki sita hata kamera zinakuwa zimeshajifuta.

Dada wa Vyumba
Samahani kuingilia. Mimi nilikatwa na kioo nikisafisha chumba baada ya mgeni kukivunja. Meneja kasema bima ya hoteli hainihusu. Je, ni haki? Nina kovu mpaka leo.

Bi Mdogo wa Mapokezi
Pole sana dada. Bima hii ni ya wageni na watu wa nje. Wewe ni mfanyakazi, kwa Tanzania Bara njia yako ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri ndiye anatakiwa kuwapelekea taarifa. Muulize kama aliipeleka, na ushike vyeti vya matibabu.

Fundi Bawaba
Mimi ni fundi, nimesoma mpaka pale "bafu limeshasafishwa" nikaumia. Kioo cha tempa kikipasuka kinamwagika chote punje punje, kwa hiyo punje za sakafuni haziniambii mengi. Ushahidi uko kwenye bawaba, skrubu zake, na kile kipande kilichobaki kimebanwa pale. Bawaba ikilegea mlango unashuka, pembe ya kioo inagonga kigae kila siku. Siku moja mtu anavuta taratibu tu, kinalipuka. Ukitupa bawaba, kampuni ya bima inaweza kusema mgeni aliupiga teke, na huna cha kuijibu.

Mlinzi wa Funguo
Fundi, ndivyo ilivyokuwa! Mgeni aliulizwa kama alikuwa amelewa. Mama wa watu alilia kwenye simu. Bawaba ilikuwa imeshakwenda jalalani.

Na ile ahadi: mkataba wetu ulikataza kuahidi malipo bila idhini ya bima kwa maandishi. Matibabu walilipa mwishowe. Gharama ya kubadilisha tiketi yake, ambayo nami niliiahidi kwa huruma, ililipwa na hoteli.

Kaka Nungwi
Sasa mtu yuko mbele yako anavuja damu, umwambie "siwezi kuahidi"? Huo si ubinadamu.

Bi Mdogo wa Mapokezi
Unampa gari, unalipa kliniki usiku ule, unakaa naye. Unachoandika ni "hoteli imelipa huduma ya kwanza na usafiri, bila kukiri dhima." Kumhudumia siyo kukiri.

Kaka Nungwi
Bado moyo wangu haujakubali.

Mlinzi wa Funguo
Nimekaa leo nikaiandika upya kwa yale niliyoyaona mwenyewe na yale niliyopaswa kufanya usiku ule, nimpe kijana kama mfano:

"Saa 22:23 (saa ya mapokezi) simu kutoka chumba 214. Saa 22:26 nimefika na mlinzi. Mgeni amekaa kitandani, jeraha la takriban sentimita 4 juu ya kifundo cha mguu wa kulia. Amesema: 'Nimevuta mlango tu, ukapasuka.' Punje za kioo zimetapakaa sakafu ya bafu. Bawaba ya chini inaning'inia. Sakafu nje ya bafu ni kavu. Picha 9 zimepigwa kabla ya kugusa kitu. Kliniki: risiti ya 23:05. Chumba kimefungwa, ufunguo uko kwa mlinzi. Bawaba na kipande cha kioo vimehifadhiwa kwenye boksi lenye namba ya chumba. Nakala ya daftari la matengenezo imeambatishwa. Chanzo hakijathibitishwa."

Mzee wa Klemu
Ongeza kama saa ya kamera inalingana na ya mapokezi. Nimeshakuta kamera iko nyuma dakika 11, na wakili akaishikilia hiyo tu. Na picha za jeraha zisipite kwenye kundi la wasapu la wafanyakazi.

Mtu wa Makunduchi
Na mgeni asaini?

Mzee wa Klemu
Maelezo yake mwenyewe, ndiyo. Ripoti yako, hapana.

Bi Mdogo wa Mapokezi
Sisi tunawasainisha zote mbili, haijawahi kutuletea shida.

Mlinzi wa Funguo
Kijana kaenda kuangalia saa ya kamera. Iko mbele dakika 7.